Mkondo wa Moto na Tope la Volkano: Kipi Kinakuhusu, na Ramani Ikuoneshe Nini

Mtu wa Goma akisikia neno volkano, picha inayomjia ni lava: mto mwekundu ulioshuka kutoka Nyiragongo mwaka 1977, ukarudi Januari 2002 na tena Mei 2021. Kwa mlima ule picha hiyo ni sahihi. Lakini kwenye volkano nyingi duniani, wauaji wakubwa wa watu wanaoishi chini ya mlima ni wawili wengine. Wa kwanza ni mkondo wa moto, yaani mchanganyiko wa gesi, majivu na vipande vya miamba, vyote vya moto mkali, unaoporomoka mlimani huku ukiambaa ardhini. Wa pili ni tope la volkano, majivu na mawe yaliyochanganyika na maji na kushuka makorongoni yakiwa mazito kama zege bichi.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayelazimika kuamua jambo: ajenge wapi, kijiji kiweke shule wapi, na siku ya hatari watu waelekee upande gani. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mkondo wa moto kinachookoa ni umbali, na ni lazima uwe umekwisha kuondoka kabla haujaanza. Kwa tope kinachookoa ni kimo, na mara nyingi muda wa kupanda unakuwepo hata baada ya mlima kulipuka. Ramani inayozitia hatari hizi mbili katika rangi moja inawanyima watu jambo ambalo walilihitaji kuliko yote.

Mkondo wa moto: Merapi, 2010

Merapi iko kwenye kisiwa cha Java, Indonesia, kaskazini ya jiji la Yogyakarta. Ni mlima unaofyatua mikondo ya moto mara kwa mara, kwa sababu lava yake ni nzito, haitiririki. Inajikusanya juu kama kuba, kuba linapanda na kulegea, kisha linabomoka. Vipande vyake bado vina joto na gesi ndani, hivyo vinapasukapasuka vikishuka na kuzalisha majivu mengi zaidi. Mara nyingine mlipuko wenyewe unalisambaratisha kuba lote kwa mpigo.

Joto la mkondo wa namna hii hufika mamia ya nyuzi za selsiasi, na kasi yake kwa kawaida hupita kilomita 80 kwa saa. Mkondo huo una sehemu mbili, na tofauti yake ndiyo inayowapoteza watu. Chini kuna sehemu nzito yenye mawe, inayofuata korongo kama mto. Juu yake kuna wingu jepesi la majivu na gesi, na hilo halifungwi na korongo. Korongo likikunja kona, sehemu nzito inakunja nalo, lakini wingu linaweza kunyoosha moja kwa moja, likapanda ukingo na kufagia nyumba zilizo juu. Ndivyo ilivyokuwa Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991, ambapo watu 43 walikufa, wakiwemo wanavolkano Maurice na Katia Krafft na Harry Glicken, watu waliokuwa wakiifahamu hatari hii kuliko karibu kila mtu duniani.

Pale Merapi, uhamishaji wa watu ndani ya kilomita 10 uliamriwa tarehe 25 Oktoba 2010. Kesho yake jioni mlima ukalipuka. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mbah Maridjan, mlinzi wa jadi wa mlima, pamoja na watu waliokuwa kijijini kwake Kinahrejo. Mwaka 2006 naye alikataa kuondoka, na kijiji chake kikapona. Naona ni muhimu kulielewa hilo bila kumdharau mtu: waliobaki walikuwa na ushahidi wa macho yao kwamba mahali pale palikuwa salama. Kilichowaponza ni kwamba ushahidi huo ulitoka kwenye mlipuko mdogo kuliko uliokuja.

Mstari wa kilomita 10 haukudumu. Tarehe 3 Novemba ulisogezwa hadi kilomita 15, na tarehe 5 Novemba hadi 20. Usiku wa manane wa tarehe 5, mkondo mkubwa ulishuka korongo la Mto Gendol na kufika karibu kilomita 16 kutoka kileleni. Mikondo ya siku zilizotangulia ilikuwa imelijaza korongo kwa mchanga na mawe, hivyo mkondo mpya haukupata nafasi. Ulifurika kingo, na wingu lake likaingia vitongojini. Zaidi ya watu 350 walikufa katika mlipuko wote wa mwaka ule, wengi wao usiku huo mmoja. Hata hivyo karibu watu 400,000 walikuwa wamehamishwa, na wanasayansi walikadiria kwamba hatua hiyo iliokoa maisha kati ya 10,000 na 20,000.

Jengo imara halisaidii. Mwaka 2006 watu wawili waliokuwa wakisaidia uokoaji walikimbilia handaki la zege lililojengwa Kaliadem, kusini mwa Merapi, kwa ajili ya kujikinga na mikondo. Mkondo ukalifukia. Handaki lilibaki limesimama, lakini waliokuwa ndani waliuawa na joto.

Tope la volkano: Armero, 1985

Sasa twende Kolombia. Nevado del Ruiz ni volkano yenye barafu kileleni. Tarehe 13 Novemba 1985, saa tatu usiku na dakika chache, ililipuka mlipuko ambao kwa ukubwa haukuwa wa kutisha. Mikondo ya moto ilitokea, lakini ilikuwa midogo na ikaishia juu kwenye barafu, mbali na makazi ya watu. Iliyeyusha takriban sehemu moja ya kumi tu ya barafu yote.

Ikatosha. Maji yaliingia kwenye makorongo ya mito, yakakwangua udongo na mawe ya kingo njia nzima, na tope likazidi kunenepa kadiri lilivyoshuka, hadi ujazo wake ukafika kama mara nne ya ulioanza. Hii ni tofauti kubwa na mkondo wa moto, ambao kwa jumla hudhoofika kadiri unavyoacha mzigo wake njiani. Tope linaweza kukua likiwa safarini, na mtu anayelipima kwa udogo wa mlipuko anadanganyika.

Mji wa Armero ulikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 70 kwa njia ya mto. Tope lilifika kwenye saa tano na nusu usiku, yaani karibu saa mbili na nusu baada ya mlipuko. Mji ulikuwa na wakazi karibu 29,000. Waliokufa Armero walizidi 20,000, na kwa maeneo yote hesabu hutajwa kuwa karibu 23,000.

Ramani ya hatari ilikuwepo. Ilitolewa mwezi mmoja kabla, tarehe 7 Oktoba, na Armero ilikuwa ndani ya eneo la tope. Zaidi ya hapo, mji ulijengwa juu ya tope la mwaka 1845, ambalo nalo liliua watu pale pale, na mwaka 1595 kulikuwa na jingine. Vilima vya kujiokoa vilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Saa mbili na nusu zinatosha hata kwa mzee na mtoto. Kilichokosekana ni amri iliyofika kwa wakati, na watu kujua kabla ya usiku ule kwamba walipaswa kupanda.

Tukiziweka hatari mbili bega kwa bega

Kuhusu muda, tofauti ni ya dakika dhidi ya saa. Kijiji kilicho kilomita 8 kutoka kileleni, mkondo wa moto wa kilomita 100 kwa saa unakifikia chini ya dakika tano. Hakuna king'ora kitakachosaidia hapo, kwa hiyo uamuzi lazima utegemee dalili za kabla ya mlipuko: matetemeko, kuvimba kwa mlima, gesi. Tope la makumi ya kilomita kwa saa likielekea mji ulio kilomita 50 linaacha nafasi ya kulitambua likiwa njiani. Ndiyo maana makorongoni hufungwa vipima mtikisiko, kwa sababu tope hutetemesha ardhi kwa namna yake kabla halijaonekana. Huko Marekani mfumo wa aina hiyo uko kwenye mito inayoshuka Mlima Rainier, na mji wa Orting hufanya mazoezi ya wanafunzi kutembea hadi mahali pa juu. Wanatembea kwa miguu, maana barabara zingeziba kwa magari.

Kuhusu kimo, mgongo wa kilima ulio mita 50 juu ya mto ni kimbilio zuri la tope na kimbilio baya la mkondo wa moto. Hapa ndipo kosa la kuchanganya hatari mbili linapoua. Mwalimu aliyewafundisha watoto "mlima ukilipuka, pandeni kilimani" amewafundisha vyema kama shule iko kilomita 40 kando ya mto. Kama iko kilomita 7, amewaweka katika njia ya wingu.

Jambo la tatu ni msimu. Mkondo wa moto unahitaji volkano iliyo hai wakati ule. Tope halihitaji mlipuko hata kidogo. Mkesha wa Krismasi mwaka 1953, ziwa la kreta ya Ruapehu, Nyuzilandi, lilibomoa ukingo wake bila mlipuko wowote, tope likang'oa daraja la reli huko Tangiwai na watu 151 wakafa ndani ya treni. Na pale ambapo majivu mapya yamelala mteremkoni, kila mvua kubwa ni chanzo. Baada ya Pinatubo, Ufilipino, kulipuka Juni 1991, matope yaliendelea kushuka miaka kadhaa, na Oktoba 1995 mji wa Bacolor ukafukiwa. Merapi nayo ilikuwa imetulia Januari 2011 wakati matope ya Mto Putih yalipokata barabara kuu ya Yogyakarta kwenda Magelang, mbali kabisa na maeneo yaliyounguzwa.

Mtaalamu anavyopata mistari ya ramani

Kazi huanza kwa koleo, si kwa kompyuta. Wanajiolojia hupita kwenye kingo za mito, machimbo ya mchanga na mikato ya barabara, wakisoma tabaka moja baada ya jingine. Swali la kwanza kwa kila tabaka ni hili: lilikuja la moto au la baridi?

Tabaka la mkondo wa moto mara nyingi huwa na vipande vya miti vilivyogeuka mkaa, na mara nyingine vijia vyembamba vya wima vilivyoachwa na gesi iliyokuwa ikitoka. Tabaka la tope huonesha mawe makubwa yaliyoning'inia ndani ya udongo laini, kana kwamba yaligandishwa kabla hayajazama, na udongo wenyewe huwa mgumu ukikauka, wakati mwingine ukiwa na vitundu vidogo vya mapovu ya hewa. Pale jicho linaposhindwa, sumaku inasaidia. Mawe yaliyotulia yakiwa ya moto sana huchukua mwelekeo wa usumaku wa dunia yakipoa, kwa hiyo yote yanaelekea upande mmoja. Mawe ya tope baridi yana usumaku wa zamani wa kila jiwe, na yanaelekea kila upande. Mkaa nao hupimwa umri kwa radiokaboni, ndipo ijulikane kama tukio hurudi kila miaka mia au kila miaka elfu tano.

Baada ya hapo huja hesabu, na kila hatari ina yake.

Kwa mkondo wa moto, njia nyepesi na ya zamani ni mstari wa nishati. Unachukua tofauti ya kimo kati ya kreta na mahali mkondo ulipoishia, unaigawa kwa umbali wa mlalo. Uwiano huo ukipatikana kutoka mikondo ya zamani, unautumia kukadiria ijayo. Tuchukue mlima wa mfano wenye kreta kwenye mita 3,000 na bonde la chini kwenye mita 500. Tofauti ni mita 2,500. Kwa uwiano wa 0.25, mkondo unafika kilomita 10. Kwa uwiano wa 0.16, ambao ni wa mkondo mkubwa na mwepesi zaidi kusafiri, unafika zaidi ya kilomita 15. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa tukio ulioamua kujikinga nalo. Mtu akikuonesha mstari mmoja bila kusema ni wa mkondo wa ukubwa gani, hajakuambia kitu.

Kwa tope, njia inayotumika sana ni ile iliyochapishwa mwaka 1998 na Iverson, Schilling na Vallance, inayoendeshwa na programu iitwayo LAHARZ. Inaanzia mahali inapoishia koni ya mikondo ya moto, yaani mstari wa nishati uliozungushwa pande zote za kreta, kisha inateremsha tope lenye ujazo V katika kila korongo kwa kanuni mbili:

```
A = 0.05 × V^(2/3)
B = 200 × V^(2/3)
```

A ni eneo la mkato wa korongo litakalojazwa, kwa mita za mraba, na B ni eneo lote la ardhi litakalofunikwa. Kwa tope la mita za ujazo milioni 1, A ni mita za mraba 500 na B ni kilomita za mraba 2. Kwa milioni 10, A inakuwa kama 2,300 na B kama kilomita za mraba 9.3. Uzuri wa njia hii ni kwamba mchoraji analazimika kutaja ujazo waziwazi, na kwa kawaida huchora kadhaa: dogo linalotokea mara kwa mara, na kubwa la nadra.

Udhaifu wake uko kwenye sura ya ardhi inayolishwa kwenye kompyuta. Data ya setilaiti yenye mraba wa mita 30 hailioni korongo la upana wa mita 15. Daraja linaweza kuonekana kama ukuta uliozuia mto. Na sura hiyo ni ya siku picha ilipopigwa. Gendol ya Septemba 2010 na Gendol ya Novemba 2010 yalikuwa makorongo mawili tofauti. Kreta pia hubadilika. Mwaka 2006 sehemu ya ukingo wa Merapi iliyoitwa Gegerbuaya ilibomoka upande wa kusini, na mikondo ikapata mlango wa kuelekea Gendol, baada ya miaka mingi ambayo mingi ilielekea magharibi na kusini-magharibi. Wanaolinganisha ramani mbili za mlima mmoja waangalie tarehe kwanza.

Duara au makorongo?

Ramani za jamii huja kwa sura mbili kuu. Moja ni ya maduara: kilomita 5, 10, 15 kutoka kreta. Nyingine inafuata ardhi, ikichora vidole vya rangi kando ya kila mto.

Duara lina faida ambayo wataalamu wengi huipuuza: linatangazika redioni kwa sentensi moja, na polisi wanajua pa kuweka kizuizi. Wakati wa dharura ya mkondo wa moto nalipendelea, kwa sababu wingu haliheshimu korongo na hakuna muda wa kubishana kuhusu mgongo upi ni wa juu. Ila kwa tope duara ni baya pande zote mbili. Duara la kilomita 20 lingeiacha Armero nje kabisa, na wakati huohuo lingewahamisha watu walioko mlimani mahali ambapo tope haliwezi kupanda.

Indonesia wanatumia ngazi tatu za ukanda wa hatari. Ule wa tatu ni wa karibu na kreta, unaopigwa mara kwa mara na mikondo ya moto. Wa pili unaweza kufikiwa na mikondo. Wa kwanza, ambao ni mwembamba na mrefu, unashuka na mito na hasa ni wa matope. Nauona ni mpango bora kuliko maduara matupu, mradi mwenye nyumba aelezwe kwamba namba ndogo haina maana ya hatari ndogo ya aina ile ile. Ni hatari nyingine, inayohitaji mwenendo mwingine.

Na karatasi yenyewe? Utafiti uliofanyika Montserrat, kisiwa chenye volkano katika Karibi, ulionesha kwamba watu wengi walipata shida kusoma ramani yenye mistari ya kimo, wakaelewa vizuri zaidi picha iliyopigwa kutoka angani. Ukiwa na bajeti ya kuchapisha ramani moja tu ya ukutani, chagua picha ambayo mtu ataona paa la kanisa, msikiti, daraja na shamba lake mwenyewe, na rangi za hatari zikiwa juu yake. Lakini usidhani kuelewa kunatosha. Kisiwani humohumo, tarehe 25 Juni 1997, mkondo wa moto uliua watu 19 waliokuwa ndani ya eneo lililofungwa. Baadhi yao walikuwa wakilima huko. Walijua mstari uko wapi, ila chakula kilikuwa upande ule. Kando ya Merapi, baada ya 2010, vijiji vilianza kufungamanishwa na vijiji rafiki vya mbali vitakavyowapokea, pamoja na mpango wa kuhamisha mifugo, kwa kuwa mtu mwenye ng'ombe harudi nyumbani kwa ujinga, anarudi kukata majani.

Viwanja viwili, uamuzi mmoja

Turudi kwenye mlima wetu wa mfano, tuseme kijiji kina viwanja viwili vya kujenga shule.

Kiwanja cha kwanza kiko juu ya mgongo wa kilima, kilomita 9 kutoka kreta, kwenye mita 900, juu sana ya mto. Kwa tope hakina shida. Kwa mkondo wa moto tunateremsha mstari wa nishati: kwa uwiano wa 0.25, mstari kwenye kilomita 9 uko mita 750, chini ya kilima, kwa hiyo mkondo wa kawaida haukifikii. Kwa uwiano wa 0.20, mstari uko mita 1,200, juu ya kilima kwa mita 300. Kinafagiwa.

Kiwanja cha pili kiko kilomita 35, kando ya mto, mita 6 juu ya maji, korongo likiwa na upana wa mita 150. Mkondo wa moto tunaweza kuusahau. Tope la milioni 1 lina kilomita za mraba 2 za kufunika. Katika korongo la upana huo ni urefu wa kilomita 13 hivi, na likianzia kilomita 10 linaishia kwenye kilomita 23. Halifiki. Tope la milioni 10 linapita pale na kuendelea, na mkato wake wa mita za mraba 2,300 ukigawanywa kwa upana wa 150 unatoa kina cha mita 15. Shule, iliyo mita 6 tu juu ya maji, inafunikwa kwa mita 9 hivi.

Kwa hesabu hizo peke yake viwanja vinaonekana sawa: kila kimoja kinasalimika na tukio la kawaida na kupotea kwenye kubwa. Mimi ningechagua cha pili, kwa masharti. Tope la kwenda kilomita 35 linatoa zaidi ya nusu saa, linaweza kusikika kwa kipima mtikisiko kilichofungwa juu ya mto, na kama kuna mahali pa kupanda mita 20 au 30 ndani ya dakika kumi za kutembea, watoto wote wanapona hata majengo yakifukiwa. Bora zaidi, sogeza shule yenyewe hadi pale pa kupandia. Kiwanja cha kwanza hakina dawa ya dakika za mwisho. Nisingekataza kulima pale, wala kuchunga mchana wakati mlima umetulia, lakini bweni nisingeliweka.

Kama hakuna pa kupanda, kwa mfano mto umeshafika tambarare na vilima viko kilomita kadhaa, hesabu inageuka, na kiwanja cha pili hakifai tena kwa shule.

Kuhusu Meru

Wanaoishi kati ya Arusha na Momella wanaweza kuyasoma haya wakiutazama mlima wao. Meru ilibomoka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na vilima vidogo pamoja na maziwa ya Momella yako juu ya mabaki ya mporomoko ule. Kreta yake iko wazi kuelekea upande huo, na koni ya majivu imekua ndani yake. Shughuli yake ya mwisho inayojulikana ilikuwa mwaka 1910. Haina kofia ya barafu kama Ruiz, kwa hiyo chanzo cha kutarajiwa cha tope ni mvua juu ya majivu mapya, na masika inaweza kuwa hatari kuliko siku ya mlipuko.

Kwa ramani ya mlima wa sura hii, ningetaka kuona koni ya mikondo ya moto iliyovutwa zaidi mashariki, kwa kuwa ukuta mrefu wa magharibi unaweza kuzuia mikondo midogo. Mstari wa pili unaoonesha wingu kubwa likiuruka ukuta huo. Na vidole vya matope katika kila mto unaoshuka kusini na mashariki, kila kidole kikiwa na ujazo wake umeandikwa pembeni na tarehe ya sura ya ardhi iliyotumika. Vidole hivyo vichorwe upya baada ya masika ya kwanza kufuatia anguko lolote la majivu, kwa sababu makorongo yatakuwa yamebadilika.